Shamba linakatwa vibaya ukingoni mwa ramani: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Niliwahi kuchora ramani za mashamba ya kahawa kwa kikundi cha wakulima upande wa Mukono, Uganda. Kila karatasi ilikuwa na dirisha la mstatili, na shamba lililovuka ukingo wa dirisha lilitakiwa likatwe pale pale ukingoni. Mzee mmoja alipokea karatasi yake, akaitazama kimya, kisha akaweka kidole kwenye kona ya juu kulia. "Mwanangu, hapa penye mvule wangu pamekwenda wapi?" Mvule ulikuwa ndani ya dirisha kabisa, lakini programu yangu ilikuwa imeikata kona ile mshazari, kama mtu aliyekunja pembe ya karatasi.

Tangu siku hiyo nimesaidia vijana wengi wanaoandika programu za namna hii, na hitilafu wanazoniletea ni zile zile. Nimezipanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea zaidi imetangulia. Mifano ya msimbo ni ya Python, lakini makosa haya hayachagui lugha.

Kwanza, namna ukataji unavyotakiwa kwenda

Njia tunayoitumia ilichapishwa mwaka 1974 na Ivan Sutherland na Gary Hodgman. Hukati poligoni dhidi ya mstatili mzima kwa pamoja. Unaikata kwa mpaka mmoja, unachukua kilichobaki, unakikata kwa mpaka wa pili, na kuendelea hadi mipaka minne iishe. Kila mpaka una swali lake moja tu la kumwuliza kipeo:

```
kushoto:  x >= xmin
kulia:    x <= xmax
chini:    y >= ymin
juu:      y <= ymax
```

Anayejibu ndiyo yuko ndani ya mpaka huo. Zingatia kwamba mpaka hapa ni mstari usio na mwisho, unaopita juu na chini ya dirisha bila kukoma. Hautazamwi kama ule upande mfupi wa mstatili unaouona kwenye skrini. Dalili ya kwanza hapa chini inazaliwa na kusahau jambo hili.

Kwa kila mpaka unaizunguka poligoni upande kwa upande, kutoka kipeo `a` kwenda kipeo `b`, na kuna hali nne. Wote wawili wakiwa ndani, andika `b`. Ukitoka ndani kwenda nje, andika makutano peke yake. Wote wakiwa nje, usiandike kitu. Ukitoka nje kuingia ndani, andika makutano kwanza, halafu `b`. Hali hii ya mwisho ndiyo pekee inayoandika vitu viwili, na mpangilio wake haubadilishwi.

```python
def kata(vipeo, ndani, makutano):
    tokeo = []
    for i in range(len(vipeo)):
        a, b = vipeo[i - 1], vipeo[i]
        if ndani(b):
            if not ndani(a):
                tokeo.append(makutano(a, b))
            tokeo.append(b)
        elif ndani(a):
            tokeo.append(makutano(a, b))
    return tokeo
```

Kwenye Python `vipeo[-1]` ni kipeo cha mwisho, kwa hiyo mzunguko huu unaanza na upande unaofunga poligoni. Makutano kwa mpaka wa kulia hupatikana hivi, na ya kushoto ni hivyo hivyo ukiweka `xmin`. Kwa juu na chini, `x` na `y` hubadilishana nafasi:

```python
def makutano_kulia(a, b):
    t = (xmax - a[0]) / (b[0] - a[0])
    return (xmax, a[1] + t * (b[1] - a[1]))
```

Sasa chukua shamba la pembetatu lenye vipeo A(2, 3), B(14, 6) na C(6, 11). Dirisha linaanzia 0 hadi 10 kwa `x`, na 0 hadi 8 kwa `y`. Kila kipimo kimoja ni mita 10, kwa hiyo shamba zima ni mita za mraba 4,200, zaidi kidogo ya ekari moja. Nitalitumia shamba hili mara kwa mara, basi liwe na wewe kwenye karatasi.

Mpaka wa kushoto haugusi kitu. Kwa mpaka wa kulia, A kwenda B ni ndani kwenda nje, na makutano ni P(10, 5). B kwenda C ni nje kuingia ndani, na makutano ni Q(10, 8.5), kisha C anafuata. Orodha sasa ni A, P, Q, C. Mpaka wa chini haugusi kitu. Kwa mpaka wa juu, C kwenda A inaingia ndani kwenye R(4.5, 8), kisha A. Kutoka A kwenda P wote wako ndani, kwa hiyo P anaandikwa. P kwenda Q inatoka nje kwenye (10, 8). Q na C wote wako nje. Kinachobaki ni R(4.5, 8), A(2, 3), P(10, 5) na (10, 8), eneo la mita za mraba 2,575.

Idadi ya vipeo baada ya kila mpaka ni 3, 4, 4, 4. Chapisha idadi hizo kwenye programu yako kabla hujagusa kitu kingine. Mara nyingi zinaonyesha peke yake ni mpaka upi wenye kosa.

Dalili: kona ya dirisha imekatwa mshazari

Hii ndiyo iliyompata mzee wa mvule. Shamba linafunika kona ya dirisha, lakini kwenye mchoro kuna mstari wa mshazari unaoruka kona hiyo.

Sababu ya kwanza, na kwa uzoefu wangu ndiyo ya kawaida, ni kukagua makutano kama yamo ndani ya mstatili mzima. Mwandishi wa programu anaiona Q(10, 8.5), anasema 8.5 imezidi 8, basi hii si sehemu ya dirisha, anaitupa. Inaonekana ni busara, lakini Q ana kazi. Yeye ndiye anayempeleka P juu kwa kufuata mpaka wa kulia hadi mpaka wa juu umkate kwenye (10, 8). Bila Q hakuna kona.

Fuata mwenyewe uone. Ukitupa Q, orodha baada ya mpaka wa kulia inakuwa A, P, C. Mpaka wa juu unakutana na upande P kwenda C, kutoka (10, 5) hadi (6, 11), na kuukata kwenye (8, 8). Mchoro unatoka (10, 5) moja kwa moja hadi (8, 8), na pembetatu yenye kona ndani yake imepotea. Ni mita za mraba 300. Kwa namna viwanja vinavyouzwa kwetu, kwa desimali, yaani sehemu moja ya mia ya ekari, hizo ni zaidi ya desimali 7.

Dawa ni kuondoa ukaguzi huo kabisa. Kazi ya mpaka wa kulia ni `x` tu. Swali la `y` litaulizwa na mpaka wa juu na wa chini zamu yao ikifika.

Sababu ya pili ni kutumia kazi ya kukata mistari iliyokuwepo tayari, ile inayochukua mstari mmoja na dirisha zima na kurudisha kipande kilicho ndani. Kwa barabara na mito inafaa sana. Ukiipitisha kwenye pande za poligoni mmoja mmoja kisha ukaunganisha vipande, inakupa (10, 5) kutoka upande wa AB na (4.5, 8) kutoka upande wa CA. Upande wa BC haugusi dirisha hata kidogo, kwa hiyo hakuna anayetaja kona, na mshazari unakuwa mkubwa zaidi. Nimeona watu wakijaribu kutibu hili kwa kuongeza kona "inapohitajika". Usianze safari hiyo. Poligoni inaweza kuzunguka kona mbili au tatu nje ya dirisha, na masharti yako hayataisha. Rudi kwenye mpaka kwa mpaka.

Dalili: shamba lote limetoweka

Angalia kwanza kama linatoweka pale unapokuza ramani. Wilaya ya Mukono inaonekana vizuri ukiwa mbali, unakaribia, unakaribia, ghafla rangi yake inakatika na skrini inabaki nyeupe. Hapo karibu hakika kuna mstari kwenye msimbo unaosema kwamba vipeo vyote vikiwa nje ya dirisha poligoni irukwe. Ulitiwa ili kuokoa muda. Lakini ukikuza hadi dirisha liko katikati ya wilaya, vipeo vyote vya wilaya viko nje, na hata hivyo wilaya imefunika dirisha zima.

Unaruhusiwa kuruka poligoni pale tu vipeo vyote viko nje ya mpaka ule ule mmoja: vyote kushoto, au vyote juu. Baadhi wakiwa kushoto na wengine kulia, huwezi kujua kitu bila kukata. Jaribu kwa mraba unaoanzia -10 hadi 20 pande zote. Programu iliyo sawa itarudisha kona nne za dirisha lenyewe.

Kama linatoweka wakati wowote, bila kujali ukuzaji, shuku `ymin` na `ymax` zilizogeuzwa. Kwenye ramani `y` hukua kwenda kaskazini, lakini kwenye skrini hukua kwenda chini. Aliyegeuza vipeo kuwa pikseli kabla ya kukata mara nyingi hugeuza pia dirisha, na juu inakuwa na namba ndogo kuliko chini. Kwa mfano, `ymin` ikiwa 80 na `ymax` ikiwa 0, hakuna kipeo ambacho `y` yake inaweza kuzidi 80 na kuwa chini ya 0 kwa wakati mmoja, kwa hiyo orodha inatoka tupu. Kata kwanza kwenye koordineti za ramani, kisha geuza kuwa pikseli. Ukilazimika kukata kwenye pikseli, hakikisha kabla ya yote kwamba `xmin < xmax` na `ymin < ymax`, na programu isimame ikikuta sivyo.

Sababu ya tatu ni mzunguko usiofungwa. Mwandishi ameanza `i` kwenye 1 akijua ana jozi AB na BC, akasahau CA. Hili halionekani kama upande mmoja uliopotea, ndiyo maana linasumbua. Kipeo cha kwanza huandikwa na ule upande unaofunga, kwa hiyo ukiuacha, kila mpaka unakula kipeo kimoja. Mpaka wa kushoto unabakiza B na C. Wa kulia unabakiza Q na C. Wa chini unabakiza C. Wa juu haubakizi kitu. Pembetatu inatoweka kabisa, huku poligoni kubwa yenye vipeo 60 inapoteza vinne tu na kuonekana nzima isipokuwa pengo dogo karibu na mahali ilipoanzia. Kipimo chake ni rahisi: chukua shamba la pembe tisa lililo lote ndani ya dirisha. Likitoka na pembe tano, umepata kosa lako.

Mafaili ya GeoJSON hurudia kipeo cha kwanza mwishoni, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Wanaona data imejifunga yenyewe, wanauacha mzunguko wazi, na mpaka wa kwanza unafanya kazi vizuri. Lakini orodha unayoitoa mpaka huo haina tena marudio hayo, na kuanzia mpaka wa pili vipeo vinaanza kuliwa. Ondoa kipeo cha mwisho kilichorudiwa unaposoma faili, na uache mzunguko wenyewe ufunge.

Likiwa halijatoweka ila linamwagika nje ya dirisha pande tatu na limekatwa juu tu, kila mpaka unapewa poligoni ya mwanzo badala ya tokeo la mpaka uliotangulia. Ni kosa la mstari mmoja.

Dalili: utepe unaopita ramani nzima kutoka juu hadi chini

Hii ni ya kwetu hasa, kwa sababu Ikweta inapita ndani ya nchi yetu. Ukisafiri kutoka Kampala kwenda Masaka unaivuka pale Kayabwe, kwenye ile duara nyeupe wanaposimama watu kupiga picha.

Koordineti za UTM zina namba ya mashariki na namba ya kaskazini, zote kwa mita. Kwa upande wa kaskazini mwa Ikweta, namba ya kaskazini huanza na 0 kwenye Ikweta yenyewe. Kwa upande wa kusini, Ikweta hupewa 10,000,000 ili namba zisiwe hasi. Sasa fikiria shamba linalokaa juu ya Ikweta. Kipeo kilicho mita 120 kaskazini kimeandikwa 120, na kilicho mita 120 kusini kimeandikwa 9,999,880. Kompyuta inaona shamba lenye urefu wa karibu kilomita 10,000. Ukataji unafanya kazi yake kwa uaminifu, na unakupa utepe unaogusa ukingo wa juu wa dirisha.

Watu huanza kutafuta kosa kwenye mpaka wa juu, na hawalipati kwa sababu halipo. Chapisha namba ndogo na namba kubwa ya `y` kwenye poligoni kabla ya kukata. Tofauti ikiwa mamilioni, toa 10,000,000 kwa vipeo vyote vya kusini: 9,999,880 inakuwa -120, na shamba linarudi kuwa na urefu wa mita 240. Hakikisha pia fomu unayoingizia data inakubali alama ya kutoa.

Ndugu yake tatizo hili ni kanda. Sehemu kubwa ya Uganda iko kanda ya 36, lakini magharibi ya nyuzi 30 mashariki, kama Kisoro, ni kanda ya 35. Vipeo vya kanda mbili ukivichanganya kwenye poligoni moja, kutoa namba hakusaidii. Vinatakiwa vigeuzwe kwanza kwenda kanda moja kwa programu ya makadirio ya ramani.

Dalili: mstari mwembamba unaunganisha vipande viwili ukingoni

Umechora ghuba ya Ziwa Viktoria, au shamba lenye umbo la herufi U. Dirisha linakata mikono miwili ya U, na sehemu inayoiunganisha imebaki nje. Ulitarajia vipande viwili. Umevipata, lakini kuna mstari ukingoni unaokwenda kutoka kipande kimoja hadi kingine.

Hapa hakuna kosa kwenye msimbo wako. Huu ndio ukomo wa njia yenyewe. Njia ya Sutherland na Hodgman hurudisha orodha moja ya vipeo, daima moja. Poligoni iliyobonyea ndani ikigawanyika vipande viwili, orodha hiyo moja inalazimika kupita kutoka kipande hadi kipande, na inapita juu ya ukingo wa dirisha kwenda na kurudi.

Mfano: U yenye vipeo (6,1), (14,1), (14,7), (6,7), (6,5), (12,5), (12,3), (6,3), na mpaka wa kulia ukiwa 10. Tokeo lina upande wa kwenda kutoka (10,1) hadi (10,7), na baadaye upande wa kurudi kutoka (10,5) hadi (10,3). Kati ya 3 na 5 pande hizi mbili zimelaliana. Daraja hilo halina upana, kwa hiyo eneo linatoka sahihi, vipimo 16, na rangi ya kujaza inatoka sahihi. Kinachoharibika ni mstari wa nje, na hesabu yoyote ya idadi ya vipande.

Kwa hiyo jiulize unataka nini. Ukijaza rangi tu, acha kama ilivyo. Ukitaka na mstari wa nje, jaza rangi kwa poligoni iliyokatwa bila kuichorea mstari, kisha chora mpaka wa shamba kwa kukata pande za poligoni ya mwanzo kama mistari ya kawaida. Faida nyingine ni kwamba ukingo wa karatasi hautaonekana kama mpaka wa shamba, jambo ambalo wakulima hulalamikia kwa haki.

Ukihitaji vipande viwili vya kweli, kwa mfano kuandika jina kwenye kila kimoja, usijaribu kuipasua orodha kwa mkono. Tumia njia ya Weiler na Atherton ya mwaka 1977, inayofuata makutano na kufunga kila kipande peke yake, au maktaba iliyokomaa kama Shapely, ambayo `intersection` yake hurudisha vipande vingi vinapokuwepo. Kuiandika njia hii mwenyewe kwa usahihi, pamoja na vipeo vinavyoangukia ukingoni kabisa, ni kazi ya majuma, na mimi siwezi kumshauri mtu aifanye kwa ajili ya ramani moja.

Dalili: nyufa, miiba na vipeo vinavyotetemeka

Kama makutano yanaangukia kwenye namba nzima tu na pande zilizolala zinapinda kidogo ukingoni, mgawanyo unafanywa kwa namba nzima. Katika C na Java, 8 gawanya kwa 12 ni 0 ukitumia namba nzima, na `t` inakuwa 0 badala ya 0.667. Kwenye shamba letu P ingetoka (10, 3) badala ya (10, 5).

Ufa mwembamba kati ya mashamba mawili jirani, hasa pale wanapokutana na ukingo, hutokana na upande mmoja kukokotolewa mara mbili kwa mielekeo tofauti. Jirani mmoja anaupita kutoka a kwenda b, mwingine kutoka b kwenda a, na kompyuta inakadiria tarakimu za mwisho tofauti. Kabla ya kukokotoa, panga vipeo viwili kwa kanuni moja, mfano mwenye `x` ndogo awe wa kwanza, na wote watapata jibu lile lile. Na koordineti ya mpaka yenyewe usiikokotoe kamwe, iandike. Tazama `makutano_kulia` hapo juu: `x` ni `xmax` moja kwa moja.

Vipeo vinavyoruka ukikuza ramani sana ni suala la namba za biti 32, ambazo kadi za picha hupenda kutumia. Namba ya mashariki karibu na Kampala ni kama 453,000, na kwa ukubwa huo biti 32 haziwezi kutofautisha chini ya sentimita 3. Kwa 9,999,880 haziwezi kutofautisha chini ya mita nzima. Kata kwa biti 64, toa koordineti za kona ya dirisha, ndipo upeleke kwenye kadi.

Mwiba mrefu unaochomoza nje ya shamba mara nyingi ni matunda ya kulegeza ukaguzi, kama `x <= xmax + 0.001`. Kipeo chenye 10.0005 kinahesabiwa kuwa ndani, jirani yake wa 10.002 kuwa nje, na `t` inatoka hasi: makutano yanatafutwa nyuma ya upande. Ondoa ulegezaji. Kwa sababu hiyo hiyo, ukipata `ZeroDivisionError` usiizibe kwa sharti la dharura. Upande wima una vipeo vyenye `x` moja, kwa hiyo vyote viko ndani au vyote nje, na makutano hayapaswi kuitwa kabisa. Kosa hilo linakuambia kwamba unaita makutano nje ya zile hali mbili zinazoyahitaji.

Vipeo viwili vilivyofanana vikifuatana si ugonjwa. Hutokea kipeo kikiwa juu ya mpaka na kinachofuata kiko nje. Ondoa kimoja. Poligoni iliyogusa dirisha kwa upande mmoja tu hutoka na eneo 0, na hiyo nayo iondoe.

Lini usimame

Usipime eneo la shamba kwa poligoni iliyokatwa. Shamba la mfano ni mita za mraba 4,200, na kwenye dirisha linaonekana 2,575. Namba hiyo ya pili ni ya karatasi, si ya ardhi. Eneo linaloandikwa pembeni mwa jina la mwenye shamba lichukuliwe kwenye vipeo vya mwanzo, kabla ya mpaka wa kwanza.

Mtu akikuomba utumie mchoro uliokatwa kugawa urithi, kuuza, au kumaliza ugomvi wa mpaka, simama hapo. Vipeo kama P na R havina jiwe la mpaka ardhini. Ni mahali karatasi ilipoishia. Hata vipeo vya mwanzo, kama vilichukuliwa kwa simu, vinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Kazi hiyo ni ya mpimaji ardhi aliyesajiliwa, anayepima upya na kuweka mawe.

Na ukiwa umepita dalili zote hizi, idadi za vipeo kila mpaka zinakubaliana na hesabu yako ya mkono, lakini shamba moja bado linatoka vibaya, angalia kama pande zake zinakatana zenyewe, kama namba nane. Hutokea sana mtu anapozunguka shamba na simu na kurudi kwa njia aliyokwisha kupita. Poligoni hiyo haiwezi kurekebishwa na ukataji, wala wewe uliye mezani huwezi kujua mwenye shamba alikusudia upande upi. Mpigie, au rudini pamoja shambani mkazunguke tena, kipeo kwa kipeo.